Wito: Tusimwamshe Aliyekesha Kazini

Simu iliita saa 5 asubuhi. Nilikuwa nimelala tangu saa 2:30, baada ya kukesha na wazee katika nyumba moja ya kulea wazee upande wa Solna. Aliyepiga ni shangazi yangu wa Tanga. Kwao ilikuwa saa 7 mchana, ametoka kula, yuko barazani, ana furaha.

"Mwanangu, nimekuamsha?"

"Hapana shangazi, niko macho."

Tukazungumza dakika 4 kuhusu kikao cha harusi ya mdogo wetu na mchango wangu, tukaagana vizuri. Nikarudi kitandani. Nikageuka huku, nikageuka kule, nikahesabu nyufa za dari hadi saa 7 mchana. Usingizi haukurudi. Usiku ule nikaingia zamu kama kawaida, na ilipofika saa 10 alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye korido na kisanduku cha dawa mkononi, nikisoma jina lililobandikwa juu yake. Nililisoma mara tatu ndipo nikatambua kwamba kisanduku ni cha mzee wa chumba cha jirani. Hakuna aliyedhurika. Lakini nilikaa kwenye kiti, miguu inatetemeka, nikamwomba mwenzangu agawe yeye dawa za asubuhi.

Shangazi hana kosa hata kidogo. Alimpigia mtoto wake mchana, saa za watu. Ndiyo maana naandika wito huu kwenu, ndugu zangu wasomaji wa Kiswahili hapa Upplands Väsby, na kwenu mlioko nyumbani wenye watoto na ndugu huku. Wengi wetu tunafanya kazi usiku: kwa wazee, hospitalini, kwenye usafi, kwenye maghala na mizigo ya Arlanda, kwenye mabasi. Nimekuwa kwenye zamu hizi miaka mingi, na nimejifunza kwamba ratiba ya mtu wa usiku haiwezi kusimama kwa jitihada zake peke yake. Inasimama au inaanguka kwa mikono ya wanaomzunguka. Ninachoomba ni kitu kimoja: tuwaachie watu hawa saa tano za mfululizo mchana, zisizoguswa na mtu.

Nieleze kwanza kwa nini simu ya dakika 4 ilinila saa mbili na nusu.

Mwili una saa yake ya ndani. Waliochambua namna inavyofanya kazi ndani ya chembe hai, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2017, na uamuzi ulitangazwa hapa karibu, Karolinska ya Solna. Saa hii hufuata mwanga wa jua, wala haijali mkataba wako wa kazi. Alfajiri, kama saa 10 au 11, hushusha joto la mwili hadi chini kabisa, na hapo ndipo macho huwa mazito kuliko wakati wowote. Kuanzia asubuhi huanza kulipandisha joto na kukusukuma uamke. Sasa mtu anayelala saa 2:30 asubuhi anasinzia kwa nguvu moja tu, nayo ni uchovu wa kukesha. Saa yake ya mwili inavuta upande wa pili. Akishalala saa mbili au tatu, uchovu ule umepungua, na msukumo wa kuamka umezidi kupanda. Ukimwamsha saa 5, hakuna tena kitu cha kumrudisha usingizini. Anayeamshwa saa 8 usiku hugeuka ubavu akalala, kwa kuwa saa ya mwili iko upande wake. Anayeamshwa saa 5 asubuhi amekwisha.

Watafiti wa hapa Sweden walilipima jambo hili kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1989 Torsvall, Åkerstedt na wenzao walichapisha utafiti juu ya wanaume 25 wa kiwanda cha karatasi waliofungwa vipima ubongo usiku na mchana. Usingizi baada ya zamu ya usiku ulikuwa mfupi kwa kama saa mbili kuliko ule wa baada ya zamu ya mchana-jioni, na karibu mmoja kati ya watano alisinzia akiwa kazini. Hawakuwa wavivu. Hao ni watu waliolala nyumbani bila shangazi kupiga simu, na bado usingizi wao ulipungua. Kwa hiyo tunapoongeza kengele ya mlango na simu, tunakata kwenye kitu ambacho tayari ni kifupi.

Sasa niwaonyeshe siku yangu ilivyo, maana mtu akiuona mpangilio ndipo anajua pa kupita na pa kutopita. Nafanya usiku tatu mfululizo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, kisha nakaa nyumbani siku nne. Mume wangu anafanya kazi mchana. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 yuko shule, wa miaka 4 yuko chekechea.

Saa 1 natoka kazini, napanda treni ya kwenda Märsta, na kabla ya saa 2 niko mlangoni kwangu Runby. Mume wangu ameshaondoka na watoto. Hapa ndipo pana mtego ambao karibu kila mgeni wa zamu ya usiku hunaswa nao, na mimi nilinaswa nao miaka yangu ya kwanza. Unajiambia, madhali niko macho, ngoja nipitie Väsby Centrum mara moja, ninunue maziwa, nichukue kifurushi, nipige simu ya kliniki. Maduka yanafunguliwa, unasubiri, unakutana na mtu mnasalimiana, unafika nyumbani saa 4:30. Mwanga umekuingia machoni saa mbili nzima, na saa ya mwili imeshaanza kupanda. Unalala saa 5, unaamka saa 8 mchana kama mtu aliyepigwa, na unashangaa kwa nini. Shughuli zile hazikukuokolea muda. Zilikugharimu karibu nusu ya usingizi.

Siku hizi nikitoka kwenye treni sipiti popote. Nyumbani nakula kidogo, kwa sababu njaa huamsha mtu saa 5 sawasawa na simu. Bakuli la uji wa ulezi, au yai na kipande cha mkate, au ndizi na mtindi. Sinywi chai ya majani, hata ile ya maziwa tuliyokulia nayo, kwa kuwa ina kafeini kama kahawa ilivyo nayo. Nachemsha tangawizi na mdalasini tu. Naoga maji ya vuguvugu. Simu naiweka kwenye droo ya jikoni, sauti imezimwa. Chumba kina pazia zito linaloziba mwanga hadi pembeni, dirisha limeachwa wazi kidogo ili pawe na ubaridi, na masikioni nina vizibo vya sifongo. Kisha natoa kibanio chekundu cha nguo, nakibana kwenye kitasa cha mlango, upande wa nje.

Kibanio hicho kilikuwa wazo la binti yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 6, alichoka kuambiwa "usipige kelele" bila kujua mwisho wake ni lini. Tukakubaliana: kibanio kikiwa kwenye kitasa, mama yuko kazini, kazi yake ni kulala. Kikiondoka, mlango uko wazi hata kama mama bado amejilaza. Siku za likizo za shule, watoto wanapokuwa nyumbani, hukipita kwa kunyata, na nikikitoa huwa wanaingia kama mafuriko. Sijui kitu kingine kilichonisaidia kama kibanio hiki, kwa sababu mtoto anaweza kungoja kitu anachokiona.

Saa 2:30 nimelala. Saa 7:30 mchana naamka. Saa tano hizo ndizo nguzo. Mengine yote nayapanga kwa kuyaegemeza hapo.

Kwa nini saa 7:30, na si saa 9? Wanaoishi huku wanajua. Mwezi Desemba jua letu huchomoza karibu saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 alasiri. Anayetoka kazini saa 1 anarudi nyumbani gizani, jambo ambalo kwa usingizi ni zuri. Lakini akilala hadi saa 9, anaamkia giza jingine, na wiki inaweza kuisha hajaliona jua hata mara moja. Hapo saa ya mwili hupotea kabisa, moyo nao huwa mzito. Mimi majira ya baridi naamka saa 7:30, navaa koti, natoka nje kabla hata ya kula. Natembea dakika 30 kwenye mwanga uliobaki, hata kama mawingu yameshuka hadi kwenye paa za nyumba, kwa kuwa mwanga wa nje chini ya mawingu bado unaushinda wa taa za ndani kwa mbali. Juni mambo hugeuka: jua linachomoza saa 9:30 usiku na kuzama saa 4 usiku. Nikitoka kazini liko juu tayari, basi navaa miwani ya jua tangu mlangoni hadi chumbani, na nikijaliwa kulala hadi saa 8:30 mchana silalamiki, maana mwanga utaningoja. Na kwa kuwa tunalala mchana, wengi wetu tuna ngozi nyeusi, na baadhi yetu hujistiri mwili mzima, tusidharau vitamini D. Mamlaka ya Chakula ya Sweden inawashauri wasiopata jua la kutosha wanywe mikrogramu 10 kila siku.

Kati ya saa 8:30 na saa 9:30 alasiri ndipo nafanya shughuli za mji, na kwa siku ya kazi nafanya moja tu. Kama ni duka la dawa, ni duka la dawa. Kliniki nawaandikia ujumbe kwenye huduma ya 1177, na wakitaka kupiga simu nawaomba wapige baada ya saa 8 mchana. Kifurushi nachagua kikachukuliwe dukani, kisiletwe mlangoni na mtu wa kugonga kengele. Chumba cha kufulia cha jengo letu nakipanga siku nisiyo na zamu. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Kiswidi anayeishi peke yake, tulibadilishana naye siku. Yeye akachukua Jumanne yangu, mimi Ijumaa yake. Nilimwendea nikamweleza kwamba silali usiku, akashangaa kwa nini sikumwambia mapema. Tangu siku hiyo hata kinyonya vumbi chake hakisikiki kabla ya saa 8 mchana.

Saa 9:30 namchukua mdogo chekechea, mkubwa anakuja mwenyewe, na kuanzia hapo hadi saa 2 usiku mimi ni wao. Chakula kikuu cha siku tunakila pamoja saa 11:30 jioni: wali na maharage, samaki, mboga, chochote cha kushibisha. Huo ndio mlo wangu mkubwa, na nauweka hapo kwa makusudi. Usiku tumbo nalo limelala. Sukari na mafuta ya chakula kinacholiwa saa 8 usiku hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko ya chakula hicho hicho mchana, na ndiyo maana wengi wetu tunanenepa na kupata kiungulia mwaka wa kwanza tu. Kazini nakula kitu chepesi karibu saa 6 usiku, supu au mtindi na matunda, kisha maji tu hadi asubuhi. Kahawa ya mwisho ni saa 8 usiku. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa kama saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri, kile ambacho kila mtu anakitamani, kinakungoja kitandani.

Usiku wa kwanza wa zamu na mchana wa mwisho vina kanuni zao. Jumatatu, kabla ya kuanza, nimeamka tangu asubuhi na watoto, na nikiingia kazini hivyo hivyo nitakuwa nimekesha saa 24 kufikia Jumanne asubuhi. Kwa hiyo nalala kidogo kuanzia saa 8:30 mchana hadi saa 10 jioni, muda wa kutosha usingizi uende na kurudi mzunguko mmoja, na siku hiyo mume wangu ndiye anayemchukua mdogo. Alhamisi, baada ya usiku wa mwisho, sijipi zile saa tano. Naamka saa 6 mchana hata kama macho yanawaka, natoka nje, na saa 4 usiku nalala pamoja na nyumba nzima. Alhamisi alasiri mimi si mtu wa kuzungumza naye mambo mazito. Mume wangu anajua. Hatuzungumzi pesa siku hiyo wala hatuamui chochote. Ijumaa asubuhi, watoto wakishaondoka, yeye huchelewa kuingia kazini saa moja kwa mpango na wenzake, tunakaa mezani sisi wawili na chai halisi ya majani. Ndoa ya mtu wa usiku inahitaji saa yenye jina kwenye kalenda, la sivyo mtakuwa wapangaji wawili wanaoachiana funguo.

Nisiseme kwamba mpango huu unamfanya mtu awe kama aliyelala usiku. Mwili wa wengi wetu hauhami kabisa, kwa sababu kila zikifika siku za mapumziko tunaurudisha kwenye jua na watoto. Tunachofanya ni kupunguza deni. Na deni lina dalili zake, mtu azijue. Profesa Torbjörn Åkerstedt na mwenzake Gillberg walitoa mwaka 1990 Kipimo cha Usingizi cha Karolinska, chenye ngazi 9. Ngazi ya 1 ni macho makavu kabisa. Ya 7 ni mwenye usingizi, ila hahitaji nguvu kukaa macho. Ya 8 anatumia nguvu kiasi. Ya 9 anapigana na usingizi. Najiuliza niko ngazi ya ngapi kila ninapovua sare. Mimi natumia treni, na ubaya ulionipata ni kusinzia kichwa kikiwa kwenye kioo cha dirisha na kuzinduka Märsta, vituo viwili mbele, mara tatu kwa wiki moja. Hiyo ilikuwa wiki ya simu ya shangazi. Lakini wapo ndugu zetu wanaotoka Arlanda asubuhi wakiendesha wenyewe kwenye barabara ya E4. Ukiwa ngazi ya 8 au 9, usiwashe gari. Lala dakika 20 kwenye kiti kwanza, kisha subiri uzinduke vizuri. Ukijikuta umepita njia ya kutokea bila kukumbuka ulivyofika pale, umeshasinzia tayari.

Sasa niseme na kila mmoja.

Ninyi mlio kazini pamoja nami, mjue haki yenu. Sheria ya Saa za Kazi ya Sweden ya 1982 inampa mfanyakazi saa 11 za mapumziko ya mfululizo ndani ya kila saa 24, na tangu Oktoba 2023 makubaliano ya wafanyakazi wa manispaa na mikoa yamekazwa katika jambo hilo. Yapo ya kipekee ndani ya makubaliano, lakini anayetoka saa 1 asubuhi kisha akaitwa mkutano wa kazi saa 8 mchana ana kila sababu ya kumwendea mwakilishi wa chama chake na kuuliza. Kwetu tuliuliza, na mkutano wetu sasa unaanza saa 2 usiku, kabla ya zamu. Mwajiri pia anatakiwa akupe nafasi ya kupimwa afya kwa sababu unafanya kazi usiku, kabla ya kuanza na kisha kila baada ya miaka 6, na ukishafika miaka 50 kila baada ya miaka 3. Wengi wetu hatuulizi kwa kuogopa kuonekana wasumbufu. Ulizeni.

Wazazi wenye watoto wadogo, mnapojaza ratiba ya chekechea, andikeni na saa zenu za kulala, si za kazi na safari peke yake, na mwelezeni mwalimu mkuu wazi. Nimeona akina mama wanaotoka zamu ya usiku wakabaki na mtoto wa miaka 2 sebuleni kwa kudhani hawana haki ya kumpeleka wakati wao "wako nyumbani". Na kama ninyi wawili mnafanya usiku, au unalea peke yako, Sheria ya Shule inaitaka manispaa ijitahidi kutoa malezi kwa saa ambazo chekechea imefungwa. Ombeni kwa maandishi.

Wenyeviti wa vyama vyetu, wa jumuiya za kanisa na msikiti, na kamati za harusi: mkutano wa Jumamosi saa 5 asubuhi unawafungia nje watu wale wale ambao mkihitaji mchango hawakosi. Tukiusogeza hadi saa 10 jioni watakuja, na watakuja wakiwa na akili zao. Majirani zetu Waswahili wa Runby na Smedby, ukitaka kumletea mwenzio sahani ya pilau mchana, iache mlangoni na umtumie ujumbe. Usibonyeze kengele.

Na ninyi wa nyumbani. Najua hofu iliyoko pande zote mbili: je, kukiwa na msiba? Mimi niliogopa hivyo hivyo, na ndiyo maana kwa miaka sikuzima simu. Tulilitatua kwa kumteua mtu mmoja. Habari nzito inakwenda kwa mume wangu, ambaye yuko macho mchana, naye ndiye anayeamua kama nitaamshwa. Baba alipolazwa mwaka juzi, simu ilikwenda kwake, na alirudi nyumbani akaniamsha kwa mkono wake. Sikupoteza chochote, na sikupokea habari ile peke yangu gizani. Asiye na mwenza ateue rafiki, au aiweke namba moja tu kwenye simu yake iruhusiwe kupenya wakati nyingine zote zimenyamazishwa.

Na sisi tunaolala, tuache kusema "niko macho". Nilimpigia shangazi wiki ile ile, saa 10 jioni ya huku, nikamweleza yote, na kisanduku cha dawa nikamsimulia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa mbona hukuniambia? Mimi nikadhani mnafanya kazi usiku, mchana mnakaa." Akaomba nimwandikie saa kwa hesabu ya kwao, azibandike ukutani. Nilichomwandikia ni hiki, na anayetaka akinakili akitume leo kwenye kundi la familia yake, akibadilisha saa ziendane na zamu yake:

"Wapendwa wote, salamu. Siku za zamu nalala mchana. Tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za kwenu ni kuanzia saa 4:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Miezi mingine ni kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana. Katika saa hizo andikeni ujumbe au mniachie sauti, nitausikia nikiamka. Jambo la dharura mpigieni mume wangu. Simu ya kuzungumza na kucheka, nipigieni saa 12 jioni ya kwenu. Hapo nimelala vizuri, watoto wako karibu, nao watawasalimia."